Ripoti ya kila asubuhi kwa barua pepe: uiambatishe, uiwekee kiungo au uiandike ndani?

Mhasibu wa kampuni moja tunayofanya nayo biashara alinipigia simu tarehe 25. "Kaka, hizi ripoti zenu za mauzo, mwisho wa mwezi huwa hamtumi?" Nikamjibu kwamba zinatumwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi, hata Jumapili. Akaniambia kwa upole kwamba kwake zilikatika tarehe 22, na kwamba mwezi uliopita ilikuwa vilevile: zilikatika tarehe 22, zikarudi tarehe 2. Nikafungua kumbukumbu za programu yetu. Kila asubuhi imeandikwa "imetumwa". Hakuna kosa hata moja.

Ilinichukua karibu siku nzima kuelewa. Ripoti yetu ilikuwa faili la Excel linalokusanya mauzo tangu tarehe 1 ya mwezi. Kila siku liliongezeka kama KB 360. Tarehe 22 asubuhi lilikuwa limebeba siku 21, yaani MB 7.5 na ushee. Seva ya barua ya yule mhasibu ilikuwa ya Postfix, nayo Postfix ikiachwa na mipangilio iliyokuja nayo haipokei barua inayozidi baiti 10,240,000, yaani takriban MB 10. Utasema MB 7.5 si inatosha ndani ya 10? Haitoshi, kwa sababu barua pepe haibebi faili kama lilivyo. Hulibadilisha kwanza kuwa maandishi: kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kisha kila baada ya herufi 76 inaongezwa alama ya mwisho wa mstari. Faili linanenepa kwa kama asilimia 37. Zidisha 7.56 kwa 1.37 upate zaidi ya MB 10.3. Siku ya 20 ilipita, siku ya 21 ikagonga ukuta. Mwezi mpya ukianza, faili linakuwa dogo tena na ripoti "inapona" yenyewe.

Kwenye kumbukumbu za seva ya barua, si za programu, ushahidi ulikuwepo muda wote:

```
status=bounced (message size 10352811 exceeds
size limit 10240000 of server ...)
```

Programu iliandika "imetumwa" kwa sababu kazi yake iliishia pale ilipoikabidhi barua kwa seva yetu wenyewe, ambayo kikomo chake tulishakipandisha. Taarifa ya kukataliwa ilirudi, ila ilirudi kwa anwani ya `noreply`, na hiyo hakuna mtu aliyekuwa akiisoma.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha njia za kutuma ripoti siulizi kwanza ipi ni rahisi kutengeneza. Nauliza: njia hii ikishindwa, nitajua kwa dalili gani, na baada ya siku ngapi? Kwa kipimo hicho nitalinganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mzigo, yaani ripoti yenyewe inakaa wapi. La pili ni mchukuzi, yaani nani anaifikisha barua mlangoni. Ukikosea la kwanza utapata viambatisho vilivyokataliwa na viungo vilivyokufa. Ukikosea la pili utaishia kwenye folda ya barua taka.

## Mzigo: kiambatisho

Sababu ya watu kupenda kiambatisho ni ya kweli na siidharau. Faili likishapokelewa ni la mpokeaji. Halidai nywila, halidai mtandao wa ofisi, na meneja akiwa safarini kuelekea Sumbawanga analifungua hata pasipo na mnara wa simu, mradi alishalipakua. Mwaka ujao mkaguzi akiuliza takwimu za leo, barua ya leo bado ipo na haijabadilika. Hilo la kutobadilika ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kiungo humwonyesha msomaji takwimu za sasa, na takwimu za sasa zinaweza kuwa zimesahihishwa.

Tatizo ni ukubwa, na ukubwa una vikomo viwili. Kimoja ni cha seva. Gmail hairuhusu kutuma barua inayozidi MB 25, na ukiondoa unene wa asilimia 37 maana yake ni faili la kama MB 18. Seva nyingi za makampuni ziko kwenye MB 10, na faili lako halisi hapo lisizidi MB 7. Ukiwa na wapokeaji wa nje, kikomo chako ni cha seva ndogo kuliko zote katika orodha, hata yako iwe kubwa kiasi gani. Kikomo cha pili ni bando. Meneja wa tawi anayesoma barua kwa simu hawezi kufungua MB 7 kila asubuhi kwa bando lake mwenyewe, na hatakwambia. Ataacha tu kufungua.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu huijaribu ni kubana faili kwa zip. Kwa faili la Excel la `.xlsx` haisaidii, kwani lenyewe tayari ni zip ndani yake, na utapunguza kidogo mno. Kwa CSV inasaidia sana. Zip yenye nywila ni mtego: kichujio cha usalama hakiwezi kuona ndani yake, na seva nyingine huikataa au kuiweka pembeni kwa sababu hiyo hiyo. Faili la Excel lenye makro, `.xlsm`, nalo litatiliwa shaka kila mahali.

Sisi tulichofanya kilikuwa rahisi kuliko hayo yote. Tuliacha kutuma mwezi mzima kila siku. Ripoti ya leo ina mauzo ya jana tu, KB 360, na faili la mwezi linatengenezwa mara moja tarehe 1. Kabla hujahangaika na namna ya kubana, uliza kwanza kama msomaji anahitaji mistari yote hiyo kila asubuhi. Kwetu, wapokeaji 14 walipoulizwa, 2 tu walikuwa wakiitumia.

## Mzigo: kiungo

Kiungo kinaondoa suala la ukubwa moja kwa moja. Barua inakuwa nyepesi, inapita popote, na faili likikosewa unalirekebisha bila kutuma barua ya pili ya kuomba radhi. Ila kiungo kinakufa kwa namna tatu, na zote tatu humfikia msomaji kabla hazijakufikia wewe.

Namna ya kwanza ni anwani isiyofunguka nje. Programu za ripoti kama Grafana na Metabase hutengeneza viungo kwa kutumia anwani iliyoandikwa kwenye mipangilio yao, Grafana wanaiita `root_url`, Metabase `Site URL`. Usipoijaza, barua zako zinaweza kutoka na kiungo cha `http://localhost:3000/...`, ambacho kinafunguka kwenye seva yenyewe peke yake. Ndugu yake ni kiungo cha `192.168.` kinachofunguka kwa kila mtu ofisini na kutofunguka Mwanza. Hii ndiyo sababu majaribio yasifanyike ofisini. Zima Wi-Fi, washa data ya simu, kisha bonyeza.

Namna ya pili ni muda kuisha. Viungo vilivyosainiwa vya Amazon S3, vile ambavyo mtu hufungua bila nywila, haviwezi kuishi zaidi ya siku 7. Ripoti ya wiki iliyotumwa Jumatatu, meneja akirudi likizo Jumanne ya wiki inayofuata anakuta ukurasa wa maandishi ya ajabu wenye `AccessDenied` na `Request has expired`. Kibaya zaidi, ukisaini kwa kibali cha muda, kama kile ambacho seva ya wingu hupewa na kubadilishiwa kila mara, kiungo kinakufa kibali kinapoisha, yaani baada ya saa chache, hata kama uliandika siku 7. Mtu aliyefungua asubuhi hana malalamiko; aliyefungua jioni anaambiwa amekosea. Viungo vya kutumika mara moja tu navyo vina ugonjwa wao: vichujio vya usalama vya makampuni hufungua kiungo kabla ya mtu ili kukikagua, na hapo ile mara moja imeshatumika.

Namna ya tatu iliniumiza kichwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Barua yetu ilikuwa na jedwali la matawi, kila tawi na kiungo chake. Karibu kila siku kiungo kimoja kilikuwa kibovu. Jana cha Mbeya, leo cha Arusha, kesho vyote vizima. Tulikagua kanzidata, tukakagua majina ya mafaili, kila kitu kilikuwa sawa. Mwishowe nikafungua barua moja kwenye Gmail, nikachagua `Show original`, nikatafuta kile kiungo kibovu. Katikati ya namba ya ripoti palikuwa na mstari uliokatika na nafasi moja tupu.

Chanzo ni kanuni ya zamani ya barua pepe: mstari mmoja wa barua usizidi herufi 998. Programu yetu ilikuwa inaunganisha HTML yote kuwa mstari mmoja mrefu, kisha kuisukuma hivyo hivyo kwenye seva. Postfix ikikuta mstari mrefu kupita kiasi haiukatai. Inaukata pale herufi zinapotimia na kuweka mwanzo wa mstari mpya pamoja na nafasi. Mkato ukiangukia kwenye maneno ya kawaida hakuna atakayejua. Ukiangukia ndani ya kiungo, kinakufa. Na kwa kuwa takwimu za kila siku zina urefu tofauti, mkato ulikuwa unahama kutoka tawi hadi tawi. Tiba ni kuacha kuitunga barua kwa mkono. Kwenye Python, `EmailMessage` hupanga mistari yenyewe na kuiweka katika usimbaji unaohimili safari:

```python
m = EmailMessage()
m["From"] = "Ripoti <ripoti@kampuni.example>"
m["To"] = "mauzo@kampuni.example"
m["Subject"] = "Mauzo 11/03, Ripoti Na. 070"
m.set_content(maandishi)
m.add_alternative(html, subtype="html")
```

Kiungo kinachodumu, kwa uzoefu wangu, ni kifupi, kiko kwenye kikoa cha kampuni yenyewe, kinamtaka mtu aingie kwa akaunti yake, na hakina tarehe ya kufa, mfano `https://ripoti.kampuni.example/mauzo/2025-03-11`. Usikipitishe kwenye huduma za kufupisha viungo. Walaghai wanazitumia kuficha waendako, na vichujio vinajua hilo.

## Mzigo: muhtasari ndani ya barua

Njia ya tatu ni kuandika kile kinachosomwa ndani ya barua yenyewe, na kuwaachia kiungo wale wachache wanaotaka mistari yote. Yetu sasa inaonekana hivi:

```
Mauzo ya Jumanne 11/03/2025      Ripoti Na. 070
Kariakoo     18,420,000
Mwanza        9,135,000
Arusha        7,260,000
Mbeya         5,885,000
JUMLA        40,700,000
```

Inasomeka kwenye simu bila kugusa kitu na haili bando. Kiungo kikifa, msomaji bado ana jumla yake. Tawi lisipofunga hesabu za siku, badala ya namba tunaandika "haijafunga siku", kwa sababu sifuri na kutokuwa na taarifa ni mambo mawili tofauti, na meneja akiona sifuri ataanza kupiga simu.

Ina mipaka. Gmail hukata barua ambayo HTML yake inazidi KB 102 na kuweka maneno ya kumtaka msomaji abonyeze kuona iliyobaki. Jedwali la mistari mia kadhaa lenye mapambo ya rangi kwa kila seli linafika hapo upesi, na kama jumla uliiweka chini, ndiyo iliyokatwa. Weka jumla juu. Na namba zilizo ndani ya barua huonekana hata kwenye kioo cha simu iliyofungwa. Mauzo ya tawi, sawa. Mishahara, hapana, hiyo ibaki nyuma ya kiungo chenye nywila.

| Mzigo | Unaposhindwa | Nani anajua kwanza |
|---|---|---|
| Kiambatisho | Barua nzima inakataliwa kwa ukubwa | Wewe, kama unasoma barua zinazorudishwa |
| Kiungo | Barua inafika, mlango haufunguki | Msomaji, siku atakayobonyeza |
| Muhtasari pamoja na kiungo | Sehemu ya chini inakatwa, au kiungo kinakufa | Msomaji, lakini jumla anayo |

## Mchukuzi: nani anaipeleka

Hapa tunaingia kwenye barua taka, na jambo la kuelewa kwanza ni kwamba folda hiyo, iliyoandikwa Spam kwenye Gmail na Junk kwenye Outlook, haikutumii taarifa. Seva ya mpokeaji inajibu yako kwa namba 250, yaani imepokea, kisha inaamua yenyewe pa kuiweka. Kwenye kumbukumbu zako, barua iliyofika kikashani na iliyotupwa kwenye taka zinafanana kabisa.

Mchukuzi wa kwanza ni seva yenyewe inayotengeneza ripoti, kupeleka moja kwa moja kwa mlango namba 25. Ndiyo njia yetu ya zamani, na ndiyo ninayoipinga kwa nguvu. Amazon na Google Cloud kwa kawaida hufunga mlango 25 wa kutoka kwenye seva zao za kukodi, kwa hiyo huko huenda hata usianze. Pengine ambako umefunguliwa, anwani ya IP unayopewa ilishawahi kuwa ya mtu mwingine na huijui historia yake. Utahitaji pia jina la IP, ile rekodi ya PTR, lilingane na seva, na anayeliweka ni mwenye IP, si wewe. Kwa barua 14 kwa siku, huo ni utumwa.

Mchukuzi wa pili ni sanduku la kawaida la kampuni, kama mnatumia Google Workspace au Microsoft 365. Unafungua akaunti `ripoti@`, na programu inaingia kwayo kupitia mlango 587 kama anavyoingia mfanyakazi yeyote. Barua inatoka kwenye seva zilezile zinazotuma barua za bosi, kwa hiyo sifa mnayo tayari. Workspace ina kikomo cha barua 2,000 kwa siku kwa akaunti, ambacho kwa ripoti za ndani ni kikubwa mno. Udhaifu wake ni nywila. Kwa Google unahitaji nywila maalumu ya programu yenye herufi 16, na mtu akibadilisha nywila kuu ya akaunti hiyo, zile za programu zinafutwa zote na ripoti zinasimama asubuhi inayofuata. Microsoft wametangaza kuondoa kabisa kuingia kwa nywila kwenye SMTP na wanataka OAuth, kwa hiyo ukianza leo usijenge juu ya nywila. Pamoja na hayo, njia hii ikishindwa inapiga kelele: programu inakataliwa kuingia na inakwambia palepale.

Mchukuzi wa tatu ni huduma za kutuma barua, kama Amazon SES. Bei si tatizo, ni dola 0.10 kwa barua 1,000. Mwanzoni wanakuweka kwenye uwanja wa majaribio, barua 200 kwa siku na kwa anwani ulizozithibitisha tu, mpaka uombe kutolewa. Zinakupa taarifa nzuri ya kila barua iliyorudi. Lakini zina orodha ya kuzuia ambayo wengi hawaijui: anwani ikirudisha barua kwa kosa la kudumu, inaingizwa humo, na kuanzia hapo hapatumwi kitu kwake. Mfanyakazi ambaye sanduku lake lilifutwa kwa makosa Ijumaa na kurejeshwa Jumatatu anaweza kubaki bila ripoti miezi yote mpaka mtu amtoe kwenye orodha kwa mkono. Mtu mwenye wateja elfu kumi anaihitaji huduma hii. Mwenye mameneja 14, sioni kwa nini.

Yeyote utakayemchagua, kikoa chako lazima kimtambue. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua kwa wingi, Gmail wakihesabu kuanzia 5,000 kwa siku, awe na zote mbili pamoja na DMARC. Sisi hatufiki huko, lakini tumeweka zote tatu. SPF inasema ni seva zipi zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni saini juu ya barua yenyewe. DMARC inasema mojawapo lazima ilingane na jina linaloonekana kwa msomaji, na inaelekeza taarifa zije wapi.

```
kampuni.example.         TXT "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"
_dmarc.kampuni.example.  TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@kampuni.example"
```

Kosa ninalokutana nalo sana ni rekodi mbili za SPF. Kampuni ilikuwa na moja, ikaongeza huduma ya pili, fundi akaandika rekodi mpya badala ya kuongeza `include` kwenye ile ya zamani. Kikoa kikiwa na rekodi mbili zinazoanza na `v=spf1`, kanuni inasema zote hazifai, na hata barua ambazo zilikuwa zinapita zinaanza kushindwa.

Usiridhike na SPF peke yake pia. Mameneja wengi wa matawi wameelekeza barua za ofisi ziende kwenye Gmail zao binafsi, ndiko wanakosoma. Barua ikielekezwa hivyo, Gmail inaona imetoka kwenye seva ya katikati ambayo haimo kwenye SPF yako, na SPF inashindwa. Saini ya DKIM inasafiri ndani ya barua, na isipochezewa njiani inabaki nzima. Hii ndiyo ilikuwa siri ya meneja wetu wa Dodoma, ambaye peke yake kati ya wote ripoti zilikuwa zinaangukia kwenye taka. Tulipowasha DKIM, kesho yake ilifika kikashani. Kukagua ni dakika moja: fungua barua iliyofika, `Show original`, juu kabisa utaona mistari ya `SPF`, `DKIM` na `DMARC`, na kila mmoja useme `PASS`.

Kuna na yaliyomo. Barua isiyo na neno hata moja, kiambatisho peke yake, inafanana na barua za virusi. Ukishaandika muhtasari ndani, hilo linajitatua lenyewe.

## Anwani ya kurudia, na namba ya ripoti

Mambo mawili tuliyabadilisha ambayo hayakugharimu chochote na ndiyo yaliyosaidia kuliko yote. Kwanza tuliifuta `noreply`. Ripoti sasa inatoka `ripoti@`, sanduku halisi, na kila taarifa ya kukataliwa inayotoka kwa `mailer-daemon` inaelekezwa kwenye kundi la watu wawili wa mitambo. Ukiona `552 5.3.4` ni ukubwa. `550 5.1.1` anwani haipo. `550 5.7.26` kutoka Gmail inasema hukujitambulisha, rudi kwenye SPF na DKIM. Namba zinazoanza na 4 ni za muda, seva itajaribu tena yenyewe. Zikijirudia siku tatu ndipo uzifuatilie.

Pili, tuliipa kila ripoti namba, kama stakabadhi. Ile Na. 070 kwenye kichwa cha barua ni siku ya 70 ya mwaka. Barua iliyopotea kimya haina namna ya kulalamika, ila meneja aliyeona 070 na kisha 072 anajua kuna iliyopotea, na anajua ipi. Wiki ya pili tu dada wa Arusha aliandika: "Kaka, ya 084 sijaiona." Ilikuwa kwenye taka yake. Bila namba angedhani siku hiyo hatukutuma.

Kuhusu saa, tahadhari moja. Seva nyingi za kukodi huhesabu kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele saa 3. Bosi akisema saa kumi na mbili asubuhi, kwenye cron unaandika `0 3 * * *`. Kijana aliyeandika `0 6` aliwaletea watu ripoti saa tatu asubuhi, kikao kikiwa kimekwisha.

## Ipi uchague

Kama wapokeaji wako hawazidi mia na wengi ni wa ndani, tumia sanduku la kampuni lenye DKIM, muhtasari ndani, na kiungo kifupi cha kikoa chenu. Kama kuna mkaguzi au mbia wa nje ambaye hamtampa akaunti, yeye peke yake mtumie kiambatisho cha siku moja, CSV au PDF, na programu ikatae kutuma faili likizidi MB 5 na iwaambie ninyi badala ya kuligonganisha na ukuta wa mtu. Kama mnatuma kwa wateja kwa maelfu, chukueni huduma ya kutuma na mtu wenu aipitie ile orodha ya kuzuia kila wiki. Kutuma kwa mlango 25 kutoka kwenye seva yenu, mwachieni mwenye kazi hiyo.

Yule mhasibu yuko kwenye kundi la pili. Faili lake la mwisho lilikuwa na KB 371, na tarehe 22 ya mwezi uliofuata nilimpigia mimi.